Kisu cha Nane

Wiki ya kwanza tu ya kuolewa, wifi yangu alimrudishia mama yangu kisu. Mama alikuwa amempa amenye viazi, na sisi wengine tumejipanga mlangoni pa jiko kuangalia kama mke mpya wa kaka anajua kazi au ni maneno matupu. Akakigeuza kile kisu mara moja mkononi, akasema kwa adabu zote, "Samahani mama, hiki si cha kumenyea. Hiki ni cha kuambulia nyama kwenye mfupa. Naogopa kitanikata." Kwa kisu kile tulimenya viazi tangu mimi sijaota meno.

Mimi nilichukia, na sikuficha. Nilimwambia kisu ni kisu, ama kina makali ama hakina, mengine ni maringo. Hakukasirika. Alikilaza mezani akanionyesha kwa kidole. "Tazama hapa wifi, karibu na mpini. Makali yameingia ndani kidogo kama kiuno, halafu yanatoka tena. Hicho kiuno ni cha kuuzunguka mfupa. Cha kumenyea hakina kiuno, makali yake yamenyooka mpaka kwenye mpini. Na mgongo wake ni mwembamba, unashuka taratibu mpaka kwenye ncha. Huu mgongo ni mnene, wa kustahimili kubanwa na viungo." Nilitazama, nikaona, nikazidi kuchukia.

Ndivyo nilivyomjua. Miaka kumi na sita imepita, na mwanamke huyo ndiye aliyenitafutia kazi nilipoachwa na mume na kurudi nyumbani na begi moja. Alikuwa anafanya kazi kwenye jiko la hospitali, jiko linalolisha wagonjwa mia nne kwa siku. Alianza kama mfagiaji, akapanda mpaka akawa mtunza visu. Ukicheka kwamba hiyo nayo ni kazi, basi hujawahi kuona jiko lenye watu ishirini na visu arobaini vinavyozunguka kutwa. Kila asubuhi anavitoa kupitia dirisha dogo la stoo, kila zamu ikiisha anavipokea, na hakuna chakula kinachotoka kwenda wodini kabla visu havijatimia. Ndiyo sheria ya jiko. Kisu kisichoonekana kinaweza kuwa ndani ya sufuria.

Wenzetu walimpa jina la Bi Makali. Si kwa sababu ya visu tu, hata ulimi alikuwa nao.

Zamani alikuwa na ubao wake ukutani. Alivilaza visu vyote juu yake kimoja kimoja, akavizungushia kalamu, halafu akajaza michoro ile kwa rangi nyeusi. Kulikuwa na kivuli kipana cha mstatili cha kile kisu kizito cha kupasulia mifupa, vivuli virefu vyenye tumbo lililopinda vya visu vya mpishi, vile vinavyobembea juu ya ubao wakati wa kukata, na safu ya vivuli vidogo vya kumenyea. Hata asiyejua kusoma alijua kisu kinarudi wapi. Mwaka jana walipokarabati jiko, ukuta ukawekwa vigae, ubao ukatupwa. Yakaja mabapa ya sumaku na orodha yenye namba. Bi Makali alilalamika wiki nzima. Mpishi mkuu akamwambia, "Siku hizi ni hesabu, Bi Makali, si michoro." Mimi nilimtania kwamba hatimaye ameshindwa kesi moja.

Halafu mwezi mmoja kikapotea kisu cha kumenyea. Orodha inasema nane, mkononi viko saba. Tulipindua jiko zima, tukafungua mpaka mifereji. Hakuna. Chakula cha siku ile hakikutoka, naye akapewa barua ya onyo iliyosema wazi: kisu kisipoonekana mpaka mwisho wa mwezi, anatolewa stoo na kurudishwa kwenye ufagio. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Aliikunja barua ile ikawa ndogo kama stempu, akaiweka kwenye pochi. Kaka yangu aliniambia usiku anamsikia akihesabu mpaka saba, ananyamaza, anaanza tena.

Na kaka yangu ni nani? Ndiye mnoa visu wa jiko lile lile. Si mwajiriwa, ni fundi wa kuitwa. Kila Alhamisi asubuhi anakuja na mashine yake, anaiweka uani karibu na mapipa, mkewe anampelekea visu butu kwenye trei na yeye anavirudisha vinang'aa. Kaka ni mpole, hana maneno. Nilikua nikiamini kwamba kama Mungu alimuumba mtu bila hila hata moja, basi ni yeye.

Alhamisi ninayoisema, ilibaki siku tatu mwezi uishe. Mimi nilikuwa kwenye meza ya mboga, nimeshamaliza karoti. Mkata nyama alikuwa ameanza kazi tangu saa kumi na mbili, maana nyama ya siku ile ilikuja na mifupa yake. Saa mbili nyama ilikuwa tayari kwenye masufuria matatu makubwa inachemka na viazi. Saa nne na nusu tukaanza kurudisha visu. Vitoroli vya chakula huondoka saa sita kamili.

Mkata nyama akaja dirishani na trei yake. Ni pande la mtu, mcheshi, lakini siku ile jasho lilikuwa linamtoka na jiko halikuwa na joto kiasi hicho. Akasema, "Vya kupasulia viwili. Vya kuambulia vitatu, cha nne nimekiacha kwa fundi kinanolewa. Na hiki hapa, Bi Makali, zawadi yako. Nimekiokota chini ya friji ya nyama."

Akaweka kisu kidogo juu ya dirisha. Mpini mweupe wa plastiki, kama wa visu vyote vidogo vya jiko letu, vya kumenyea na vya kuambulia, maana vilinunuliwa kwa dazeni na vyote vina mpini mmoja. Cha kumenyea. Cha nane.

Jiko zima lilishangilia. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele mpaka mpishi mkuu akatoka kwenye kijichumba chake kuuliza kuna nini. Alipoambiwa, akacheka, akasema barua ile Bi Makali aichane mwenyewe, yeye ataandika nyingine ya kuifuta leo leo. Nikakimbilia dirishani kumpa mkono wifi yangu.

Hakunipa mkono. Alikuwa amekishika kile kisu usawa wa macho, anakitazama kwa ubavu, na rangi ya midomo imemtoka.

"Wifi," nikamwambia, "si kimepatikana?"

"Hiki si cha kumenyea," akasema.

Nilidhani furaha imempanda kichwani. Kisu kilikuwa kifupi, kina ncha, urefu wake kama wa vile saba vilivyokuwa sumakuni. Nikamwambia asianze mambo yake. Alichukua kisu kimoja kati ya vile saba, akakilaza juu ya hicho, mpini juu ya mpini. Pale karibu na mpini makali hayakulingana. Cha kumenyea kilikuwa kimenyooka. Hicho kingine kilikuwa kimeingia ndani kidogo, mwanga ukapita kati yao kama kwenye ufa wa mlango. Kiuno. Akakiondoa, akachukua kisu cha kuambulia kutoka kwenye trei, akakilaza juu yake. Safari hii havikuachana. Mgongo kwa mgongo, kiuno kwa kiuno, vilikwenda pamoja kama mapacha kuanzia kwenye mpini mpaka pale kile kifupi kilipoishia. Kile kirefu kikaendelea mbele peke yake, upana wa vidole viwili hivi.

"Na tazama mgongo," akasema kwa sauti ya chini. "Wa kumenyea unashuka taratibu. Huu umenyooka mpaka mwisho halafu umeangushwa ghafla. Na kwenye ncha bado ni mnene. Kisu hakizaliwi hivi, wifi. Kimevunjika, kikachongwa ncha mpya."

Nilielewa kwa vipande. Kwanza nilielewa kwamba kisu cha nane bado hakijaonekana na barua bado ipo. Pili nikaelewa kwamba kisu cha kuambulia kimevunjika, na kama kimevunjika asubuhi ile, basi kimevunjikia kwenye nyama. Cha tatu kilinijia nikiwa nimetazama ile ncha mpya, safi, laini, isiyo na mkwaruzo. Mashine ya kunolea tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa uani.

Sasa niseme nililolifanya, maana wengine wakisimulia habari hii wananiruka. Nilimshika mkono nikamwambia, "Wifi, nyamaza. Ni kaka."

Ndivyo nilivyosema. Wagonjwa mia nne, na mimi nikasema nyamaza. Nilimwambia labda kipande kimetupwa na mifupa, labda hakuna kitu ndani, yeye apokee bahati yake, barua imefutwa, kuna ubaya gani. Nilisema haraka haraka kama muuza duka anayefunga. Yeye alinitazama kama mtu anayefanana tu na mtu anayemjua.

"Ni mume wangu," akasema. "Unadhani sijaona ni mkono wa nani?"

Akafungua mlango wa stoo, akatoka mpaka katikati ya jiko, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Zimeni moto. Hakuna toroli linalotoka."

Mpishi mkuu alicheka kwanza. Akasema visu vimetimia, amehesabu mwenyewe, vya kumenyea nane, kuna nini tena. Bi Makali akamwekea vile viwili mkononi, kimoja juu ya kingine, akamwambia, "Usihesabu. Tazama." Mpishi mkuu alitazama. Alikuwa ameshika visu kwa miaka thelathini na hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kicheko kilimkauka usoni. Akageuka kumtafuta mkata nyama, na mkata nyama, lile pande la mtu, alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, analia kama mtoto.

"Nilidhani kipande kimekwenda na mifupa," akasema. "Nilikuwa nabandua kiungo, ncha ya kisu ikakatika. Nilitafuta. Wallahi nilitafuta. Nyama ilikuwa imeshamwagwa sufuriani."

Sijui nani aliyezima moto. Nakumbuka saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi. Sufuria la kwanza lilikuwa la wodi za wanaume, la pili la wanawake, la tatu, dogo kuliko yote, la watoto na waliotoka chumba cha upasuaji. Nyama yake inakatwa vipande vidogo ili wasisumbuke kutafuna. Lile la tatu lilikuwa limeshapakuliwa kwenye bakuli, bakuli ziko kwenye toroli, toroli liko mlangoni.

Tulimwaga kila kitu kwenye trei pana. Watu kumi na wanane tulisimama mezani, glavu mkononi, tunaminya kipande kimoja kimoja. Mtu akiminya nyama mia moja na kila moja ikiwa laini, anaanza kuomba hiyo inayofuata iwe laini pia, na hapo hapo anaomba isiwe, ili jambo liishe. Mimi nilipewa bakuli za toroli. Nilikuwa nimefika ya thelathini na kitu, nikaminya kipande kisichozidi kidole gumba, na kikanichoma.

Nilitazama glavu ikijaa damu kwa ndani. Kipande cha kisu kilikuwa kimejizika ndani ya nyama urefu wote, chembamba, chenye ncha kali ya sindano, na nje hakikuonekana hata kidogo. Ningempa mwanangu nyama ile ale. Mpishi mkuu akakichukua kile kipande kwa koleo, akakiweka mbele ya kile kisu kifupi. Kati yao ulibaki mwanya mdogo tu, sehemu iliyoliwa na jiwe la kunolea.

Bi Makali hakusema "nilisema mimi." Aliosha mikono kwa muda mrefu, akaifuta, akatoka uani. Nikamfuata na kitambaa nimekizungusha kidoleni, maana niliogopa kumwacha peke yake, na nadhani niliogopa zaidi kumwacha kaka peke yake.

Kaka alikuwa amezima mashine. Alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza, mikono magotini. Kelele za jikoni alikuwa amezisikia, lakini hakuwa ameondoka wala hakuwa ameingia. Alipomwona mkewe akasimama.

"Kimepatikana," mkewe akamwambia. "Kwenye chakula cha watoto."

Kaka akafunga macho. Kisha akasema, kwa ule upole wake, "Nilikutengenezea wewe. Alikileta kimevunjika, anaogopa. Nikaona kimebaki kipimo kile kile cha kile kilichopotea. Nikasema nikikichonga vizuri, barua itafutwa. Cha kuambulia ningeleta kingine kutoka nyumbani wiki ijayo, orodha ingetimia. Ulikuwa hulali, mke wangu."

Nakiri moyo wangu ulimwendea. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, na alikuwa amesema kweli: alifanya kwa mapenzi. Alikichonga kisu kile kwa uangalifu kuliko kisu chochote alichowahi kukishika. Niliona hata uso wa wifi umelegea kidogo, nikafikiri, basi, hapa patasameheka. Labda mkata nyama alimdanganya, alimwambia ncha imetupwa. Kosa lake ni kumwamini mtu.

Wifi naye alikuwa anawaza hivyo hivyo, maana alimfungulia mlango wa kutokea. Aliuliza kwa sauti laini kabisa, sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake kujibu.

"Hukuuliza ncha iko wapi?"

Kaka angeweza kusema hapana. Mimi nilikuwa nasali aseme hapana. Asiye na hila akajibu alivyozoea kujibu.

"Niliuliza."

"Akasemaje?"

"Alisema haioni."

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Mapipa yalikuwa pale, nzi walikuwa pale, jua lilikuwa linawaka kama kawaida, na kaka yangu alikuwa amesimama na aproni yake ya ngozi na kusema kwamba alijua. Alijua tangu saa moja ya asubuhi. Alikaa pale saa nne nzima akinoa visu vingine, akijua, huku masufuria yanachemka ng'ambo ya ukuta. Miaka arobaini nimemjua mtu huyu, na sikumjua.

Wifi yangu hakulia wala hakumtukana. Aliinama kwenye trei, akahesabu visu vilivyokwisha kunolewa, akavitazama kimoja kimoja kwa ubavu, vyote, kama anavyovitazama vya mtu asiyemwamini. Halafu akaibeba trei akageuka. Alipofika karibu nami akasimama.

"Wifi," akasema, "chumbani kwako ulikopanga kuna nafasi?"

Mwanamke akigombana na mumewe huenda kwao. Kwangu si kwao. Mimi ni dada wa mume, na kwa haki ningetakiwa kusimama na damu yangu na kumbembeleza arudi. Nilimtazama kaka, naye alikuwa ananitazama, anangoja niseme hilo.

"Ipo," nikamwambia wifi. "Kitanda ni kidogo, tutabanana."